Ujumbe Mrefu wa Simu Waweza Kuwa Barua Pepe Fupi Inayoanza na Ombi

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mwananchi anayeandikia ofisi ya umma kuhusu kero yake mara nyingi hutumia mtindo aliouzoea katika kundi la WhatsApp la mtaa: salamu ndefu, historia ya jambo tangu mwanzo, kisha ombi lenyewe mwishoni. Katika kundi mtindo huo haudhuru, kwa kuwa majirani wanajuana na anayetaka ufafanuzi huuliza papo hapo. Afisa anayefungua barua pepe hamjui mwandishi wala nyumba yake, na lazima aamue haraka jambo hilo ni la dawati gani.

Uchukuliwe mfano wa mkazi wa Kata ya Ilomba, jijini Mbeya, mwenye ujumbe wa namna hii katika simu yake:

"Shikamooni viongozi, poleni na majukumu. Huku kwetu Ilomba maji ni changamoto. Pale karibu na kanisa bomba linavuja wiki ya pili sasa, tumesema tumechoka. Halafu barabara ina shimo kubwa, bodaboda wanaanguka. Sasa mwezi huu nimeletewa bili ya ajabu, uniti 41, na sisi tuko watatu tu, kawaida ni 10 au 11. Nimeangalia dira inasoma 482, bili imeandika 512. Jamani mtusaidie."

Hatua ya kwanza ni kuhesabu maombi. Ujumbe huo una mambo matatu: bomba, shimo na bili. Bomba ni kazi ya mafundi wa mamlaka ya maji, na bili ni ya dawati la huduma kwa wateja. Shimo, likiwa katika barabara ya mtaa, linahusu Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Yakiandikwa pamoja, atakayepokea atashughulikia lililo lake na mengine mawili yanaweza kubaki bila mwenyewe. Kwa hiyo ziandikwe barua pepe tatu, kila moja na ombi moja.

Hatua ya pili ni kutafuta sentensi inayobeba ombi na kuipeleka mwanzo. Katika ujumbe huu sentensi hiyo haipo kabisa, kwani "mtusaidie" haisemi msaada gani. Mwandishi anataka usomaji wa dira usahihishwe, na hilo ndilo litangulie:

"Yah: Ombi la kusahihisha usomaji wa dira, bili ya Juni, Ilomba

Ndugu Afisa Huduma kwa Wateja,

Naomba bili yangu ya Juni isahihishwe, kwa kuwa usomaji ulioandikwa ni mkubwa kuliko uliopo kwenye dira. Bili imeandika 512, lakini leo, tarehe 3 Julai, dira inasoma 482. Usomaji wa mwezi uliotangulia ulikuwa 471, hivyo nimetumia uniti 11, si 41. Nimeambatisha picha ya dira na ya bili.

Jina, namba ya akaunti na namba ya simu."

Mtindo huu si mgeni nchini. Barua rasmi ya Kiswahili huweka "Yah:", yaani yahusu, kabla ya maelezo, ili msomaji ajue shauri kabla ya kusoma habari zake. Sehemu ya mada katika barua pepe hufanya kazi hiyohiyo. Mada inayosema "Malalamiko" peke yake haimsaidii afisa, kwa kuwa barua nyingi anazopokea ni malalamiko.

Kosa la upande wa pili ni kufupisha kupita kiasi. Idadi ya watu nyumbani imeachwa kwa sababu haithibitishi kosa. Usomaji wa mwezi uliotangulia umeongezwa kwa sababu ndio unaothibitisha. Bila namba ya akaunti afisa hulazimika kuandika kuiomba, na siku hupotea. Salamu ya heshima haikatazwi, ila mstari mmoja watosha.

Kipimo cha barua iliyo tayari ni rahisi. Mwandishi afunike yote isipokuwa mada na sentensi ya kwanza, kisha ampe mtu asiyejua habari hiyo asome. Akiweza kusema ni nini kinaombwa na ni kwa ajili ya nini, barua itumwe. Akiuliza "kwa hiyo unataka nini?", ombi bado limefichika.

Barua pepe haifai kwa dharura. Bomba lililopasuka na kumwaga maji barabarani au waya wa umeme ulioanguka huripotiwa kwa simu kwanza, na maandishi hufuata kama kumbukumbu. Anayefuatilia majibu naye ajibu juu ya barua yake ileile badala ya kuanza mpya, ili tarehe ya ombi la awali ionekane.