Kuchambua Habari Kutoka Ukurasa wa Gazeti

Programu ya jusText huukata ukurasa wa habari vipande vipande, kisha hupima kila kipande kwa urefu, kwa sehemu ya maneno yaliyo ndani ya viungo, na kwa wingi wa maneno madogo kama "ya", "na", "kwa" na "ni". Menyu isemayo "Kitaifa Michezo Burudani" karibu yote ni viungo na haina hata "na" moja, kwa hiyo hutupwa. Aya ndefu ya habari hubaki.

Utata uko kwenye vipande vifupi. Nukuu ya mbunge yenye maneno manne, "Hatutakubali kabisa jambo hili," haitoshi kupimwa peke yake. Huamuliwa kwa majirani zake, na ikikaa kati ya aya mbili nzuri, huokolewa. Kwa bahati mbaya, "Soma pia" iliyopachikwa katikati ya habari inaweza kupenya kwa mlango huohuo. Dalili yake ni rahisi kuona: mstari uleule hujirudia katika mamia ya kurasa za tovuti moja. Kuhesabu mistari inayojirudia na kuifuta hukamilisha usafi huo.