Nondo za Slabu: Kagua Kabla Zege Halijamwagwa

Fundi akishasema slabu iko tayari kumwagwa, mwenye nyumba hubaki na saa chache za kuona chuma alichokinunua. Zege likipita juu yake, kosa lolote lililomo hufichika, na huenda likajitokeza baada ya miaka, watu wakiwa wamekwisha kuhamia.

Tuchukue slabu ya ghorofa moja inayofunika sebule ya upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 7.2, katika mji wa pwani kama Tanga. Unene wake ni milimita 150. Mchoro wa mhandisi unataka nondo kuu za milimita 12, kila moja iwe milimita 200 kutoka katikati ya mwenzake. Uzito wa slabu ya umbo hili huelekea kwenye kuta mbili zilizo karibu, kwa hiyo nondo kuu hulazwa kufuata upande mfupi, tena chini kabisa, kwa sababu slabu ikielemewa ni sehemu ya chini inayovutika. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Nondo za upande mrefu hufungwa juu ya hizo kuu, nazo husambaza mzigo na kupunguza nyufa.

Kwa mpango huo zinahitajika nondo kuu 37. Fundi akizitawanya kila baada ya milimita 300, zinatosha 25. Kila kipande, pamoja na sehemu inayolala juu ya ukuta, kina urefu wa karibu mita 4, na nondo ya mita 12 hutoa vipande vitatu. Maana yake vipande 12 vilivyopungua ni nondo nne tu za dukani, ilhali slabu imepoteza theluthi ya chuma kinachoibeba. Ukitaka kuhakikisha, usipime nafasi moja. Vuta futi kamba juu ya nafasi kumi mfululizo. Inapaswa kusoma mita 2.

Baada ya nafasi, tazama kilicho chini ya nondo. Zisilale juu ya mbao. Ziwekewe biskuti, yaani vipande vya saruji na mchanga vilivyofinyangwa mapema na kukauka vizuri, ili zege lipite chini na kuzivika. Ndani ya nyumba iliyo mbali na bahari, milimita 25 hutumika sana. Pwani, hasa kwenye baraza na sehemu zinazopigwa na upepo wa bahari, wahandisi hutaka 40 au zaidi. Zege zima hukilinda chuma kwa ukali wake wa magadi, lakini chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, kinga hiyo huvunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo huvimba na kulisukuma zege. Dalili yake ni mistari ya kahawia inayofuata njia ya nondo, kisha vipande vya zege vinaanguka. Gonga kwa nyundo ndogo: palipoachana hutoa mlio wa utupu.

Wapo wanaodhani basi kuziinua nondo zaidi ni usalama zaidi. Sivyo. Katika slabu yetu, nondo zikikaa kwenye biskuti za 25, kitovu chake kiko milimita 119 kutoka juu. Wamwagaji wakizivuta hadi katikati ya unene, zinabaki 75, na uwezo wa slabu kubeba unapungua kwa zaidi ya theluthi ingawa hakuna nondo iliyoondolewa.

Kipande kifupi cha upande wetu hakihitaji kuungwa. Boriti ndefu huhitaji, na hapo ndipo ovalapu inapokosewa. Nondo mbili zilizolazwa pamoja hupashana nguvu kupitia zege linalozishika; waya wa kufungia huzituliza tu zisisogee. Ndiyo maana urefu wa kupishana hufuata unene wa nondo, kwa kawaida kati ya mara 40 na 50. Nondo ya milimita 16 huhitaji milimita 640 hadi 800, wala futi moja iliyozoeleka haitoshi. Kwenye boriti inayopita juu ya nguzo kadhaa, nondo za chini zisiungwe katikati ya nguzo na nguzo, mahali zinapovutwa kuliko kote, na za juu zisiungwe juu ya nguzo. Maungio yapishane pia, yasikutane yote sehemu moja, maana nondo zikisongamana kokoto za milimita 20 hazipenyi, na zege linabaki na mashimo.

Kwa hiyo mwite mhandisi aliyechora aje siku moja kabla ya kumwaga, akiwa na mchoro wake na futi kamba, na usiruhusu mashine ya zege iwashwe kabla hajasaini.