Odi inaposhuka kabla ya filimbi

Ligi Kuu ya England hutangaza vikosi dakika 75 kabla ya mpira kuanza. Tuseme Manchester City wana odi 1.80, kisha jina la Haaland halimo: mara bei inapanda hadi 2.00. Nafasi yao ya kushinda, kwa hesabu ya odi, imeshuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 50.

Wakati mwingine hakuna habari yoyote, odi inashuka tu. Kuna dau zito.

Ila uzito si kila kitu. Mikeka mingi ya mashabiki huenda isiitikise bei, ilhali dau moja la mtu anayejulikana kwa hesabu kali huisogeza papo hapo. Hiyo ndiyo pesa ya wajuzi. Anayewaiga baada ya bei kushuka hupata odi mbovu. Pinnacle huwapokea wajuzi na kurekebisha bei kwa madau yao. Kampuni nyingi huwabana kiwango.