Sarafu Moja, Dhamana Tatu

Tarehe 24 Aprili 2024, katika soko la mtandaoni la Uniswap, tokeni iitwayo ezETH iliuzwa kwa muda mfupi chini ya dola 700. Tokeni hiyo ilikuwa na etha, sarafu ya mtandao wa Ethereum, iliyowekwa nyuma yake, na etha yenyewe siku hiyo ilikuwa juu ya dola 3,000. Hakuna mwizi aliyevunja hazina. Hakuna etha iliyopotea. Walioumia waliumizwa na namna sarafu ileile ilivyokuwa imetumikishwa mara kadhaa kwa wakati mmoja.

Tuanzie chini kabisa. Tangu Septemba 2022 mtandao wa Ethereum unalindwa na watu walioweka etha zao dhamana. Anayetaka kuwa mthibitishaji hufungia etha 32, huacha kompyuta yake ikifanya kazi usiku na mchana, na hulipwa faida ya asilimia chache kwa mwaka. Akifanya hila, mathalani kuidhinisha bloku mbili zinazopingana, hukatwa sehemu ya dhamana na kuondolewa. Adhabu hiyo hupanda wengi wanapokosea katika kipindi kimoja, kwani hapo mtandao huhesabu kwamba huenda wamekula njama.

Etha 32 ni mali nyingi, na zikishafungwa haziuziki. Pengo hilo ndilo Lido iliyoliona mwaka 2020. Unaipa etha kiasi chochote, inazichanganya na za wenzako, inazikabidhi kwa waendeshaji wa kompyuta, kisha inakupa tokeni ya stETH kama stakabadhi. Faida huongezeka kwenye salio lako, baada ya kukatwa asilimia 10 ya faida hiyo kuwa ujira wa Lido na waendeshaji. Stakabadhi unaweza kuiuza leo au kuiweka rehani ukope.

Lakini stakabadhi ina bei mbili. Ya kwanza ni ya daftari: stETH moja inadai etha moja. Ya pili ni ya sokoni: kile ambacho mnunuzi yuko tayari kukupa sasa hivi. Bei hizi hukaa pamoja maadamu mwenye stakabadhi anaweza kuirudisha na kupewa etha yake. Mwezi Juni 2022 njia hiyo haikuwepo. Etha zilizofungwa hazikuweza kutolewa hadi Aprili 2023. Soko liliposhikwa na hofu, na kampuni ya Celsius, iliyokuwa na stETH nyingi, ikazuia wateja kutoa fedha zao, aliyetaka etha haraka alilazimika kuuza stETH kwa hasara ya zaidi ya asilimia 5. Daftari halikuwa na kosa lolote. Mlango wa kutokea ndio uliokuwa mwembamba.

Juu ya ghorofa hiyo ikajengwa nyingine. EigenLayer, mradi ulioanzishwa na Sreeram Kannan, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Washington, ulifunguliwa mwaka 2023 ukiwa na wazo hili: etha ambayo tayari inailinda Ethereum ilinde pia huduma nyingine, na mwenyewe alipwe mara ya pili. Aliyewahi kuwa mwanachama wa SACCOS ataelewa upesi, maana ni sawa na akiba ya mtu mmoja kutumika kumdhamini mkopaji wa pili, kisha wa tatu. Maadamu wote wanalipa, mdhamini anashukuriwa. Wakikwama kwa pamoja, akiba ni ileile moja.

Hatari ya wazi ni kukatwa. Mwenye dhamana sasa yuko chini ya kanuni za Ethereum na pia kanuni za kila huduma aliyojiunga nayo, na programu ya huduma changa ikiwa na kasoro, anaweza kuadhibiwa bila kudanganya. EigenLayer wenyewe waliliona hilo. Adhabu zilipoanza kufanya kazi, Aprili 2025, waliweka utaratibu ambao mwendeshaji hutenga fungu maalumu kwa kila kundi la kazi, na fungu hilo haliwezi kukatwa na kundi jingine. Huo ni uungwana katika usanifu, nami nausifu. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, alikuwa ameonya tangu Mei 2023 kuhusu jambo jingine: mradi wa nje usije ukakua kiasi kwamba ukianguka, watu waitake Ethereum nzima ibadili mambo ili kuuokoa.

Ila Aprili 2024 adhabu hizo zilikuwa bado hazijaanza. Kilichouma ni kitu cha kawaida zaidi: deni.

Renzo ilikuwa ikipokea etha au stETH, ikiziweka EigenLayer, na kumpa mteja ezETH, yaani stakabadhi ya stakabadhi. Wengi hawakuishia hapo. Chukua mtu mwenye etha 10. Anapata ezETH za thamani hiyo, anaziweka rehani kwenye programu ya mikopo, na kwa kiwango cha asilimia 80 anakopa etha 8. Hizo nazo anazigeuza ezETH, anakopa 6.4, na kuendelea. Baada ya mkopo wa sita ana ezETH za thamani ya etha 39 na nusu, na deni la etha 29 na nusu. Faida yake imezidishwa karibu mara nne, ukitoa riba. Tuseme programu inauza rehani deni likifika asilimia 86 ya thamani yake. Bei ya ezETH ikishuka kwa asilimia 13 tu, rehani inauzwa, na nusu ya zile etha zake 10 imeshakwenda.

Wakati huo Renzo haikuwa imefungua njia ya kurudisha ezETH na kupewa etha. Mlango pekee ulikuwa soko. Ilipotangaza mgao wa tokeni yake mpya, REZ, wengi hawakuridhika, na waliokuwa wakisubiri mgao huo wakaanza kuuza. Bei ikashuka. Programu za mikopo zilizosoma bei ya soko zikaanza kuuza rehani za wakopaji, na kila rehani iliyouzwa ikaingia kwenye soko lilelile lenye wanunuzi wachache, ikaisukuma bei chini zaidi na kumfikia mkopaji anayefuata. Mamilioni ya dola ya rehani yaliuzwa kwa namna hiyo. Kisha bei ikapanda tena na kukaribia ya etha.

Aliyekuwa na ezETH bila deni, akatulia, hakupoteza kitu. Aliyekopa aliuziwa mali yake kwa bei ya dakika mbaya kuliko zote, na bei iliporudi yeye hakuwemo.

Leo mambo yamebadilika kiasi. stETH hurudishwa Lido kwa kupanga foleni, na etha iliyowekwa EigenLayer husubiri siku 14 kabla ya kutolewa. Foleni ni bora kuliko mlango uliofungwa, lakini mkopo hausubiri siku 14. Kwa hiyo anayeshawishiwa na asilimia ya ziada na aangalie mambo mawili kabla ya kuweka hata sarafu moja: stakabadhi hiyo inarudishwa wapi na kwa siku ngapi, na programu ya mikopo inasoma bei ipi, ya daftari au ya soko. Ikiwa inasoma ya soko na wanunuzi ni wachache, asikope.