Funua Mdomo, Pembe Ziache

Swali linarudi lile lile, mnada baada ya mnada: “Daktari, pembe za ng'ombe huyu zina pete tatu, ana miaka mingapi?” Sijui, na aliyekuuzia hajui pia. Kanuni ya mtaani inasema hesabu pete, ongeza miwili, basi umepata umri. Kanuni hiyo imewafanya wafugaji wengi walipe bei ya mtamba kwa ng'ombe aliyekwisha kuzeeka, na nimechoka kuisikia.

Pete ya pembe ni alama ya dhiki. Pembe hukua mfululizo ng'ombe anaposhiba, na hudumaa anapokosa lishe, anapougua, au mwili unapohamishia nguvu kwenye mimba na maziwa. Dhiki ikiisha pembe inaendelea kukua, na pale iliposimama hubaki mfereji. Kwa hiyo kanuni ile inategemea ng'ombe jike aliyezaa mapema, akazaa kila mwaka, na hakuwahi kulala njaa. Zebu wetu hafugwi hivyo. Tuseme alizaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, kisha akawa anazaa kila baada ya mwaka na nusu. Akifikisha pete tatu amezaa mara tatu, yaani ana miaka saba. Kanuni inakwambia ana mitano. Sasa mchukue mtamba wa Dodoma aliyepitia kiangazi kikali mara mbili na hajawahi kushika mimba. Anaweza kuwa na pete mbili, kanuni ikamwita wa miaka minne, kumbe ana miwili na nusu. Dume na maksai hawazai kabisa, lakini nao watu huwahesabia pete! Kwa mbuzi na kondoo hali ni mbaya zaidi, maana pembe zao huwa na matuta mengi ambayo hayafuati mwaka wala uzazi. Isitoshe, tupa na kipande cha msasa hufuta pete za miaka mingi kwa muda mfupi, na mafuta kidogo huifanya pembe ing'ae kama mpya.

Jino jipya la kudumu halibandikwi na mtu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana meno manane ya mbele, yote kwenye taya la chini. Juu kuna ufizi mgumu tu, kwa hiyo acheni kunipigia simu kwamba mmeuziwa kibogoyo kwa sababu juu hakuna meno. Meno ya maziwa ni madogo, meupe, yamebanwa shingoni. Ya kudumu ni mapana kama koleo na yana rangi ya manjano kidogo. Hubadilika jozi kwa jozi, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Ng'ombe wa kienyeji hupata meno mawili ya kudumu kati ya miaka miwili na miwili na nusu, manne karibu na mitatu, sita kwenye mitatu na nusu hivi, na manane anapopita minne. Ng'ombe wa kisasa huwahi kidogo. Mbuzi na kondoo huwa na mawili kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, manne karibu na miwili, sita kuelekea mitatu, manane kuelekea minne. Anayetafuta mbuzi wa Idi aliyetimiza mwaka akiona meno mawili mapana awe na amani. Asipoyaona, hilo halithibitishi kwamba mwaka haujatimia, kwa kuwa wengine huchelewa. Hapo amuulize mfugaji aliyemzalisha.

Baada ya meno manane, unasoma uchakavu, na hapo ni kukadiria tu. Malisho ya mchanga hulisaga jino upesi. Hata hivyo, ukiambiwa ni mtamba wa miaka mitatu, ukakuta manane yote ni ya kudumu, ya katikati yamelika yakawa bapa na mapengo yameanza, huyo si mtamba. Meno yakilegea na kuanza kung'oka, atashindwa kukata nyasi fupi za kiangazi, atakonda, na maziwa yatakata, hata umpe dawa gani.

Kwa ng'ombe, msaidizi ashike pua na kuinua kichwa, nawe ushushe mdomo wa chini kwa kidole gumba. Kwa mbuzi au kondoo, mbane katikati ya magoti na ufanye vivyo hivyo. Huna haja ya kupanua taya, wala usiingize kidole nyuma, magego yanakata. Angalia mchana, kwenye mwanga, kabla ya kutaja bei. Kwa maziwa au mbegu, chukua wa meno mawili au manne. Wa kulima, meno mawili ndiyo wakati wa kumfundisha jembe. Wa kuchinja leo, hata mwenye meno manane si hasara kama bei imeshuka.

Muuzaji akikukatalia kufunua mdomo, usimnunue mnyama huyo.