Wasio na Cheo Waliobadilisha Kazi ya Google

Mwaka 2005 wahandisi waliotunza seva ya utafutaji ya Google walikuwa wanaogopa kuigusa. Seva hiyo, inayoitwa GWS, ndiyo hupokea swali la mtu na kumrudishia ukurasa wa majibu. Watu waliokuwa wanaiandikia msimbo waliongezeka, na kadiri walivyoongezeka ndivyo ilivyozidi kuharibika. Kuna kipindi zaidi ya asilimia 80 ya matoleo mapya yalifika kwa watumiaji yakiwa na kasoro, ikabidi yaondolewe na toleo la zamani lirudishwe. Mhandisi aliyebadilisha mistari michache leo hakuwa na njia ya kujua kesho kitaharibika nini.

Kiongozi wa timu hiyo akaweka sharti: hakuna badiliko litakalopokelewa bila jaribio lake. Jaribio, kwa wahandisi, ni programu ndogo inayoendesha programu nyingine na kuangalia kama imetoa jibu sahihi. Kompyuta huyaendesha majaribio hayo tena na tena, na badiliko linapoharibu kitu, linakamatwa kabla ya mtumiaji kuliona. Katika mwaka mmoja tangu sharti lianze, matoleo ya dharura yalipungua kwa nusu, ingawa mabadiliko yaliyoandikwa yalikuwa mengi kuliko wakati wowote.

Kiongozi huyo alikuwa na mamlaka juu ya timu yake, na mamlaka yake yaliishia hapo. Kampuni ilikuwa na timu nyingi nyingine, kila moja na desturi zake, na suala la majaribio kwa kampuni nzima halikuwa la mtu. Halikuwa na idara wala bajeti. Kilichofuata kinafaa kujulikana na mhandisi yeyote ambaye ofisini kwake kuna jambo bovu linaloumiza wote na lisilo na mwenyewe.

Waliolibeba walikuwa wahandisi wa kujitolea. Google ilikuwa na utaratibu wa kumruhusu mhandisi atumie asilimia 20 ya muda wake kwa kazi aliyoichagua mwenyewe. Bharat Mediratta alianzisha kikundi cha watu waliotaka kuutumia muda huo kueneza majaribio, na kikaitwa Testing Grouplet. Mike Bland, aliyejiunga na Google mwaka huohuo wa 2005, akawa mmoja wa wasukumaji wake wakubwa, na baadaye aliandika kwa kirefu namna walivyofanya. Kikundi hakikuweza kumwamuru mtu yeyote. Timu ikisema haitaki, mazungumzo yaliishia hapo.

Walianza na wageni. Kila mhandisi mpya alipitia mafunzo ya kuikaribisha kampuni, na kikundi kikapata nafasi ya saa moja humo. Wakaeleza jinsi ya kuandika majaribio kana kwamba ni desturi ya kampuni nzima. Wageni wakaingia kwenye timu zao, wakaandika majaribio, wakaanza kuwauliza wenyeji kwa nini wao hawaandiki. Kampuni ilikuwa inaajiri kwa kasi, na baada ya mwaka mmoja au miwili waliofundishwa wakawa wengi kuliko wasiofundishwa. Mbinu hiyo ilifaulu, lakini binafsi nina shaka nayo. Mgeni aliambiwa kitu ambacho bado hakikuwa kweli, akapelekwa kubishana na wakubwa wake bila kujua ametumwa. Yangetosha maneno ya wazi: hivi ndivyo tunavyotaka kampuni iwe.

Mwezi wa Aprili 2006 wakaja na jambo lililowapatia jina. Waliandika ukurasa mmoja kuhusu namna ya kuboresha majaribio katika lugha ya Python, wakauchapisha, wakaubandika ndani ya vyoo vya ofisi, mahali ambapo mtu aliyekaa hana kingine cha kusoma. Wapo waliolalamika kwamba hata faragha ya chooni imeingiliwa. Hata hivyo kurasa mpya ziliendelea kutoka, na kila ukurasa ulikuwa na funzo moja tu lenye mfano mfupi wa msimbo. Malalamiko yenyewe yalilifanya suala la majaribio lizungumzwe na watu ambao kikundi kisingewafikia kwa mkutano.

Lakini kujua si kufanya. Timu nyingi zilikubali kwamba majaribio ni mazuri, kisha zikabaki pale pale, kwa sababu zilikuwa na maelfu ya mistari ya zamani isiyo na jaribio hata moja. Ukiwa mbele ya deni kama hilo hujui uanzie wapi. Mpango uitwao Test Certified ulibuniwa kwa ajili ya hali hiyo, na kwangu ndio sehemu ya kisa yenye mafunzo mengi zaidi.

Mpango huo ulikuwa na ngazi ambazo timu ilipanda kwa hiari yake. Ngazi ya kwanza haikudai jaribio jipya la maana. Ilitaka timu ianze kupima ni sehemu gani ya msimbo wake inaguswa na majaribio, iweke kompyuta ya kuyaendesha mfululizo, iyagawe kuwa madogo, ya kati na makubwa, iorodheshe yale yanayofaulu leo na kuanguka kesho bila sababu, na itenge machache ya haraka ya kuangalia kama mfumo unasimama. Ilikuwa kazi ambayo timu ingeweza kuimaliza bila kuahirisha mipango yake. Ikimaliza, inaonekana na wenzake kwamba imepanda.

Ngazi ya pili ilikataza kutoa toleo wakati kuna jaribio lililoanguka. Ilidai pia kwamba angalau asilimia 50 ya msimbo mpya iguswe na majaribio, na asilimia 10 iguswe na majaribio madogo, yaani yale yasiyohitaji mtandao wala seva nyingine. Ngazi ya tatu ikapandisha hiyo 10 hadi 50. Zingatia kwamba mpaka hapo kinachohesabiwa ni msimbo mpya tu. Mistari iliyoandikwa zamani, pengine na mtu aliyekwisha kuhama, haikuhesabiwa dhidi ya timu. Deni la zamani liliingizwa kwenye hesabu katika ngazi ya nne, ambako asilimia 40 ya msimbo wote ilipaswa kuguswa. Timu iliyofika huko ilikuwa imekwisha kuizoea kazi, na sehemu kubwa ya msimbo wake ilikuwa mipya.

Mpangilio huo ulitokana na kujua kinachomkatisha mtu tamaa. Ungeanza na deni la zamani, kila timu ingeona asilimia 3 au 5 siku ya kwanza, ikafunga ukurasa. Ukianza na kipya, hata timu iliyo taabani kabisa inaweza kufaulu wiki hii. Na kila timu iliyotaka ilipewa mlezi, mhandisi wa kujitolea kutoka timu nyingine, wa kuketi nayo na kuisaidia kupanda.

Asilimia hizo zina udhaifu, na anayetaka kuiga mpango huu lazima aujue. Tuseme tuna msimbo wa kukokotoa ada ya asilimia mbili ya fedha inayotumwa:

```python
def ada(kiasi):
    return kiasi * 2 // 100

def test_ada():
    ada(5000)
```

Jaribio hilo linaendesha msimbo wote, kwa hiyo kipimo kitaandika asilimia 100. Lakini haliangalii jibu. Mtu akikosea akaandika 20 badala ya 2, mteja atakatwa shilingi 1,000 badala ya 100, na jaribio litafaulu bila tatizo. Mstari wa mwisho ulipaswa kuwa hivi:

```python
    assert ada(5000) == 100
```

Timu inayokimbilia namba bila kuamini kazi yenyewe itajaza majaribio ya aina ya kwanza. Njia ya kuitambua ni rahisi: haribu msimbo kwa makusudi, kwa mfano geuza hiyo 2 kuwa 20, kisha endesha majaribio. Yote yakifaulu, asilimia zilizoandikwa ukutani hazina maana. Ndiyo sababu mlezi alihitajika. Namba inahesabiwa na kompyuta, lakini ni mtu aliyeketi na timu atakayeona kama majaribio yanalinda kitu.

Kikundi kiligonga pia ukuta ambao maneno yasingeuvunja. Wahandisi walikuwa wanasema hawana muda wa majaribio, na walikuwa wanasema kweli. Mifumo ilikuwa imekua mno, kuijenga na kuendesha majaribio yake kulichukua muda mrefu, na anayesubiri hivyo kila anapobadilisha mstari ataacha tu. Kumhubiria mtu wa namna hiyo ni kumwonea. Kikundi kikaungana na wahandisi waliokuwa wanatengeneza zana mpya za kujengea programu, kikawapa kile ambacho watengeneza zana huwa hawana: mtandao wa watu wa kujitolea waliokwisha kuaminika katika timu nyingi. Januari 2008 wakaitisha msaragambo, siku moja ambayo wahandisi wa timu mbalimbali waliacha kazi zao za kawaida wakahamishia miradi yao kwenye zana hizo. Kubwa kati yake iliitwa Blaze, na ndiyo iliyotolewa kwa umma mwaka 2015 kwa jina la Bazel. Machi 2010 wakaitisha mwingine, safari hii kuhamia mfumo mmoja wa pamoja unaoendesha majaribio ya kampuni nzima. Baada ya hapo kikundi hakikuwa tena na sababu kubwa ya kuwapo.

Namuuliza kila anayenisimulia kwamba amejaribu kubadilisha jambo ofisini akashindwa: wale waliokukatalia walikuwa wakaidi, au ulichowaomba kilikuwa kinawagharimu mno? Mara nyingi ni hilo la pili. Mtu asiye na cheo hawezi kulazimisha gharama ilipwe, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuipunguza.

Kisa hiki kina mpaka wake. Watu hawa hawakuwa na mamlaka, lakini walikuwa na muda walioruhusiwa na mwajiri. Mhandisi wa kampuni yenye watayarishaji programu watatu, ambaye kila saa yake imeuzwa kwa mteja, hana hiyo asilimia 20. Akijitolea usiku, atachoka, na atakapoondoka mpango utaondoka naye. Ule wa Google haukufa kwa sababu mwaka 2015 kazi ya kupima na kuzipangia timu ngazi ilikabidhiwa kwa mfumo unaojiendesha, baada ya miradi zaidi ya 1,500 kupita mikononi mwa watu wa kujitolea.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wasimamizi wa wahandisi hapa kwetu. Mkimwona mmoja wenu ameanza kurekebisha utaratibu usio na mwenyewe, iwe ni namna ya kutoa matoleo, kuhifadhi nakala za data au kupokea taarifa za hitilafu, mpeni saa zinazojulikana ndani ya wiki, na mwiandike kazi hiyo kwenye tathmini yake ya mwaka.