Kofia Nyeupe Juu ya Karatasi Nyeupe

Tandika karatasi nyeupe mezani, weka juu yake kofia ya vitobo, kisha piga picha kwa simu. Mara nyingi karatasi itatoka ya kijivu, na kofia itafifia ndani yake. Muuzaji akiona hivyo hudhani simu yake ni duni, au huenda dukani kutafuta karatasi nyeupe zaidi. Lakini karatasi haina kosa, na simu nayo imefanya kile ilichotengenezwa kufanya.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna kitu cheupe. Inachopima ni wingi wa mwanga unaoingia kwenye lenzi, na kwa desturi yake ya tangu enzi za filamu hudhani kwamba mandhari yoyote, ukichanganya palipong'aa na penye giza, hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Hiyo ni rangi ya kijivu cha katikati. Picha iliyojaa weupe huiona kama mwanga umezidi, basi huupunguza. Simu za sasa zina ujanja zaidi wa kukisia, lakini mwelekeo wenyewe haujatoweka. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili: kuipa karatasi mwanga wa kutosha, na kuiambia simu isiupunguze.

Mwanga mzuri kuliko wote nyumbani ni wa dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Jua kali huchora kivuli cheusi chenye ukingo kama wa kisu, na kivuli hicho ndicho kinachoharibu weupe. Huku kwetu karibu na ikweta dirisha hilo hubadilika kwa msimu. Dar es Salaam, jua la Juni hupita upande wa kaskazini, na la Desemba hupita kusini, kwa hiyo dirisha lililokufaa katikati ya mwaka huenda likakusumbua mwishoni. Likikusumbua, ning'iniza chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili. Mwanga utasambaa na vivuli vitalainika.

Zima taa ya chumbani, hata ukiona inasaidia. Taa ya njano upande mmoja na mwanga wa mchana upande wa pili hutoa karatasi yenye rangi mbili, na ukisahihisha moja utaharibu nyingine. Angalia pia kuta. Ukuta wa kijani ulio karibu na meza hurudishia karatasi ukijani wake, na baraza inayotazama udongo mwekundu hutia wekundu kwa chini. Macho yetu huuzoea upesi, ila kamera huuandika.

Karatasi ya manila ya ukubwa wa A1, yenye urefu wa sentimita 84, inatosha kwa kofia au jozi ya makubadhi. Bandika ukingo wake ukutani kwa selotepu, kisha uiache ishuke hadi mezani kwa mpindo mpana bila kuikunja. Mkunjo hutengeneza mstari, nao mstari huonekana hata ukiongeza mwanga namna gani. Shuka la kitandani silipendekezi kabisa, kwa sababu kila kunyanzi lina kivuli chake. Weka bidhaa karibu na ukingo wa mbele, angalau shubiri moja kutoka pale karatasi inapoanza kupanda, ili kivuli chake kisiuangukie ukuta.

Anza na makubadhi ya ngozi ya kahawia, maana ndiyo mepesi. Dirisha liwe kushoto, nayo manila nyingine nyeupe isimame kulia, sentimita kama 30 kutoka kwenye viatu, nje ya picha. Kazi yake ni kurudisha mwanga upande wenye kivuli. Futa lenzi kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole hutandaza ukungu juu ya weupe wote. Gusa makubadhi kwenye skrini kisha ushikilie kidole mpaka simu ifunge kipimo chake (kwenye iPhone utasoma AE/AF LOCK). Pembeni itatokea alama ya jua. Ivute juu polepole, na karatasi itaondoka kwenye kijivu mbele ya macho yako.

Swali ni kusimama wapi. Ukivuta mno, weupe utakula kingo za bidhaa. Simama karatasi ikiwa karibu kuwa nyeupe, piga, kisha ukuze picha utazame upande unaoelekea dirishani. Ukiona mishono ya uzi na vinyweleo vya ngozi, uko salama. Pakiwa bapa, mwanga umezidi, na hakuna programu itakayorudisha mshono ambao kamera haikuuandika. Kivuli chepesi chini ya soli kiache palepale. Kukifuta ni kuyafanya makubadhi yaelee hewani, na mnunuzi hatajua yamekaa juu ya nini.

Sasa irudie kofia. Hapa ule mpango wa makubadhi unashindwa, kwa sababu manila ya kulia inajaza mwanga kila upande, na kofia nyeupe inakosa pa kuachana na karatasi nyeupe. Iondoe. Badala yake simamisha karatasi nyeusi mbili, kulia na kushoto kwa kofia, nje kidogo ya picha, ila ile ya kushoto iwe fupi isizibe dirisha. Kofia itaakisi weusi huo kwenye mbavu zake, na utaona mstari mwembamba wa kijivu ukichora umbo lake.

Kisha sogeza meza ili ile sehemu ya karatasi inayosimama ikae usawa wa katikati ya dirisha, na kofia iwe mbele zaidi, karibu na mwisho wa fremu. Hapo mandhari ya nyuma hupata mwanga mwingi kuliko kofia, na mwanga unaoifikia kofia hutoka ubavuni na kwa nyuma kidogo. Mwanga wa namna hiyo huparuza uso wa kitambaa: kila kitobo kinapata kivuli chake, kila mshono unainuka. Aliyeishona kofia hiyo kwa mkono ametumia muda mrefu, na mnunuzi hulipia mishono hiyo. Picha inayoificha inamnyima mshonaji haki yake. Ndani weka bakuli dogo lililofunikwa, liishike kofia isimame bila kugusa ukuta wake, ili vitobo vionyeshe giza la ndani.

Picha ikitoka vizuri hivyo, marekebisho ni machache. Katika Snapseed, fungua White Balance kwanza, utumie alama ya kuchagua rangi kugusa karatasi ambayo haijawa nyeupe kabisa. Halafu fungua Curves, ushike nukta ya juu kulia na kuisogeza kushoto kidogo kwenye ukingo wa juu. Kwa hatua hiyo unaiambia programu kwamba kijivu hafifu cha karatasi sasa ndicho cheupe. Simama kabla mishono haijaanza kupotea. Sehemu ya mbele ya meza ikibaki na giza, weka nukta ya Selective juu yake na uongeze mwanga hapo tu, bila kugusa kofia.

Usiuamini weupe kwa kuitazama picha peke yake. Ifungue juu ya ukurasa mweupe, kwa mfano katika katalogi ya WhatsApp simu ikiwa haiko kwenye rangi za usiku, na uongeze mwanga wa skrini hadi mwisho. Ukiona fremu ya picha ikijichora, bado karatasi ni ya kijivu, na kona moja ikiwa na giza kuliko nyingine, huko ndiko mwanga wa dirisha haukufika. Na unapomtumia mteja, chagua HD, kwa sababu WhatsApp hubana picha, na vitu vya kwanza kupotea ni vile vitobo vidogo.